Mstari Mmoja Katika Daftari la Fundi

Kifua 36, kiuno 30, hipsi 42. Kwa mteja ni namba tu, lakini fundi anayeziandika lazima aonyeshe jambo moja: je, ni vipimo vya mwili au vya nguo?

Tuchukue gauni la kitenge. Futikamba imezunguka kifua na kuonyesha inchi 36. Ili mvaaji apumue na kuinua mikono, fundi anaongeza inchi 2, jumla 38. Akigawanya kwa nne anapata inchi 9 na nusu kwa kila robo ya kifua, kisha anaongeza nusu inchi ya mshono.

Tatizo huanza akiandika 38 bila maelezo. Msaidizi akidhani huo ni mwili, ataongeza 2 tena, na gauni litapwaya inchi 2 nzima. Ndiyo maana ni salama zaidi jedwali libebe vipimo vya mwili peke yake, na nyongeza iingie wakati wa kukata.

Safu ya kitambaa iandikwe yadi zilizopokelewa, mfano 4, na kipande kidogo kibanwe kwa pini, maana maneno "kitenge cha bluu" yanaweza kuwafaa wateja watatu. Ushonaji ukiwa shilingi 40,000 na mteja ametoa 25,000, salio la 15,000 liandikwe palepale mbele yake.

Tarehe nazo ni mbili. Harusi ikiwa Jumamosi, kujaribu kuwe Jumatano na kuchukua Ijumaa. Kiuno kikibana, bado kuna siku ya kufumua.