Mishkaki Isiyokauka

Mchoma mishkaki akilalamikiwa kwamba nyama yake ni kavu, siku ya pili huongeza papai. Wakilalamika tena, huongeza papai zaidi na kulaza nyama kwenye viungo usiku kucha. Mwisho wake mteja anapata kitu cha ajabu: nyama laini inayovunjikavunjika yenyewe kwenye kijiti, na bado ni kavu mdomoni.

Hilo hutokea kwa sababu ulaini ni jambo moja na majimaji ni jambo jingine. Katika nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, karibu robo tatu ya uzito ni maji, na maji hayo yamekaa ndani ya nyuzi za nyama. Joto la nyama likifika nyuzijoto 50 hivi, protini huanza kuganda. Likipita 60, utando unaozifunga zile nyuzi hujikunja na kuyasukuma maji nje, kama mtu anavyokamua nguo aliyofua. Kufikia 75 maji mengi yameshadondokea kwenye makaa. Papai hukata nyuzi, basi. Halina uwezo wa kuyazuia maji yasitoke.

Hata hivyo, papai lina sababu nzuri ya kuwepo kwenye bakuli la mchoma mishkaki wa kwetu. Bucha nyingi za Tanzania na Kenya huuza leo nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ya leo. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa na huchukua siku kadhaa kulegea tena kwenye baridi, kwa hiyo nyama ya mchana huohuo iko katika wakati wake mgumu kuliko wote. Na ng'ombe mwenyewe mara nyingi ni wa asili, aliyetembea umbali mrefu kutafuta malisho. Anayenunua sarara halihitaji papai kabisa. Anayenunua steki ya kawaida au nyama ya paja, ambao ndio wengi, hulihitaji kidogo.

Kidogo maana yake ni kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwanguliwa kwa kilo nzima ya nyama. Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kinachokata protini, na tabia yake moja huwashangaza wapishi: kwenye friji karibu kimelala. Hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapopata moto, kati ya nyuzijoto 60 na 70, kabla hakijaharibika kwa joto kali zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya papai hufanyika palepale juu ya jiko. Anayelaza nyama usiku kucha kwenye papai jingi anakusanya mzigo ambao moto utaufungua wote kwa pamoja, ndiyo maana nyama hugeuka uji kwa nje. Tangawizi mbichi iliyotwangwa nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo, hivyo mwenye tangawizi nyingi apunguze papai.

Kinachozuia maji ni chumvi. Chumvi ikiyeyuka na kuingia kwenye nyama, hulegeza baadhi ya protini zake, nazo zikiganda kwa moto hushika maji mengi zaidi kuliko zingeshika bila chumvi. Ila inahitaji muda, kama dakika 40, na ndiyo sababu ile chumvi inayonyunyizwa nyama ikiwa tayari jikoni huleta ladha tu. Wapo wapishi wanaoamini kwamba chumvi ya mapema hukausha nyama. Wanachokiona ni yale maji yanayotoka dakika za mwanzo. Wakisubiri, sehemu yake hurudi ndani pamoja na chumvi.

Hapa ndipo udogo wa kipande unapomfaa mpishi. Viungo haviingii mbali kwenye nyama. Kwa muda mfupi vikifika milimita 3 vimejitahidi. Kwenye pande la sentimita 5 kila upande, hiyo ni chini ya theluthi moja ya nyama. Kwenye kipande cha sentimita 2 na nusu, milimita hizohizo 3 kutoka kila upande ni zaidi ya nusu ya kipande. Ndiyo maana mishkaki haihitaji kulazwa usiku mzima. Kukata vipande vidogo zaidi ya hapo kungeleta viungo ndani zaidi, lakini kipande cha sentimita moja na nusu huiva katikati kabla nje hakijapata rangi, na hapo mpishi huchagua: apeleke mezani nyama iliyopauka au nyama iliyokauka.

Kilo moja ya steki, basi, ikishaondolewa kano na utando mweupe, hutoa vipande karibu 60 vya ukubwa huo, yaani mishkaki 12 ya vipande vitano vitano. Kisu kikate kupinga nyuzi, si kuzifuata, ili kila kipande kiwe na nyuzi fupi. Nyama iingie bakuli na gramu 10 za chumvi, ambazo ni vijiko viwili vya chai visivyojaa, kijiko cha chakula cha kitunguu saumu kilichotwangwa, kiasi hichohicho cha tangawizi, kile kijiko cha papai, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo. Ichanganywe kwa mkono mpaka kila kipande kishike viungo, ifunikwe, ikae dakika 30 hivi. Hizo ndizo dakika za kuwasha makaa.

Limau linasubiri. Asidi yake huipika nyama kwa juu bila moto: rangi nyekundu hugeuka kijivu, na nyama huwa na ukavu wa chaki. Nusu limau likikamuliwa dakika 10 za mwisho pamoja na vijiko viwili vya mafuta linatosha, na nusu nyingine ikamuliwe mezani, ambapo ladha yake inasikika vizuri zaidi. Mwenye maziwa ya mgando anaweza kuyatumia badala ya limau bila hofu kubwa, kwa sababu ukali wake ni wa taratibu.

Wakati wa kuchoma vipande kwenye vijiti, wazoefu wa pwani wana ujanja ambao hoteli nyingi hazina. Katikati ya vipande vya nyama huweka kipande kimoja cha mafuta, mara nyingi cha nundu. Mafuta hayo huyeyuka na kuwapaka majirani zake, na mlaji huhisi nyama ina majimaji hata pale ambapo maji yenyewe yamepungua. Hoteli huweka pilipili hoho na kitunguu kwa ajili ya picha. Mboga hizo zinataka muda wake, nyama inataka wake, na mmoja lazima aumie. Vipande vigusane, visibanwe. Vikiachana, kila upande unapigwa na moto na kukauka. Vikibanwa sana, pale vinapokutana hubaki vibichi. Vijiti vya mianzi vilowekwe maji nusu saa ili visiungue.

Makaa yawe yameshavaa majivu meupe na hakuna ulimi wa moto. Mkono ukishikwa sentimita 10 juu ya wavu usiweze kukaa zaidi ya sekunde mbili au tatu. Wengi hukosea kwa kuogopa moto mkali. Wanachoma taratibu kwenye makaa yaliyofifia, robo saa nzima, na nyama inapopata rangi ndani hakuna kitu tena. Mishkaki inataka moto mkali na muda mfupi. Kabla ya kuweka, vipande vya tangawizi na saumu vilivyogandia vipanguswe, kwa kuwa huungua na kuwa vichungu, na nyama iliyolowa haipati rangi mpaka maji ya juu yakauke kwanza. Halafu ni dakika 6 hadi 8, kijiti kikigeuzwa karibu kila dakika. Kugeuza mara nyingi hakuna ubaya wowote. Upande mmoja unapumzika wakati mwingine unapata moto, na joto linaingia sawasawa. Mafuta yakidondoka na moto kulipuka, kijiti kisogezwe pembeni badala ya kumwagiwa maji yanayorusha majivu juu ya nyama.

Kujua kama imeiva kunaanza kwenye kijiti chenyewe. Nyama ikianza kunywea na kuacha upenyo mdogo kati ya kipande na kipande, imekaribia. Kipande kikibonyezwa kwa koleo kirudi juu polepole, na tone la maji litokee likiwa karibu halina rangi ya damu. Hapo ndani pana nyuzijoto 70 hivi, na ndiyo kiwango kinachowafaa walaji wengi wa huku, wasiopenda kuona wekundu. Kipande kilichokuwa kigumu kama kifutio na hakitoi tone, kimepitiliza. Kati ya hali hizo mbili kuna dakika moja, au pungufu.

Dakika hiyo ndiyo inayopotea pale biashara inapochanganya. Mchomaji mwenye foleni huchoma nyingi jioni mapema, huzipanga pembeni, na mteja akifika huzirudisha motoni.

"Kaka, nipe tano, lakini zisiwe zile za pembeni."

"Zote za leo dada, napasha tu moto, dakika mbili."

Dada yuko sahihi. Kupasha moto ni kuiva mara ya pili, na nyama iliyofika 70 mara ya kwanza haina akiba ya kupoteza. Mwenye kulazimika kutanguliza kazi aiondoe nyama ikiwa bado na wekundu mwingi, aiweke kwenye baridi mara moja, na amalizie ikiagizwa. Kuiacha nusu mbichi kwenye sinia jioni nzima ni kualika ugonjwa wa tumbo.

Ukwaju una zamu yake. Waomani, ambao wana mishkaki yao na undugu wa muda mrefu na Zanzibar, hupenda kuiweka nyama kwenye ukwaju, na pwani yetu huutumia zaidi kama mchuzi wa kuchovya. Njia zote mbili zinafanya kazi, mradi ukwaju uliotiwa sukari usipakwe mwanzoni. Sukari huungua haraka juu ya makaa makali na kumdanganya mpishi kwamba nyama imeshakuwa tayari. Apake dakika ya mwisho, kila upande mara moja, kisha aiondoe nyama na kuiacha itulie dakika mbili.

Na zile za pembeni, zilizokwisha kukauka? Zanzibar wana mahali pa kuzipeleka. Huvuliwa kwenye vijiti na kutumbukizwa kwenye bakuli la urojo, pamoja na bajia, viazi na kachori, na ule mchuzi wa moto wenye ukali wa embe au ndimu hufanya kazi ambayo makaa hayangeweza kuifanya tena.