Barua Pepe Ikipelekwa Mbele, Kwa Nini Inaangukia kwenye Taka?

Tuseme duka lako lina anwani yake, nawe umeweka amri kwamba kila barua inayoingia ipelekwe yenyewe kwenye Gmail yako. Mteja anakuandikia, seva ya duka inapokea, kisha inaisukuma mbele.

Hapo ndipo kasoro inapoanza. Kampuni ya mteja imetangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Ukaguzi huo huitwa SPF. Gmail inaona barua imeletwa na seva ya duka lako, ambayo haimo kwenye orodha. SPF inakataa.

Kinga iliyobaki ni DKIM, saini ya kidijitali inayosafiri ndani ya barua yenyewe, kama lakiri kwenye bahasha. Hiyo haijali nani kaileta. Lakini seva yako ikiongeza neno “NJE” kwenye kichwa cha barua, au tangazo chini yake, saini kwa kawaida huvunjika. Zote mbili zikishindwa, barua huonekana ya kughushi.

Kuhakikisha, fungua barua hiyo kwenye Gmail kwa kompyuta, bonyeza “Show original”, usome:

```
SPF: FAIL
DKIM: FAIL
```

Ukiona hivyo, zima nyongeza hizo kwanza.