Kura ya sare: hesabu majina, usihesabu tiki

Kwenye grupu la kamati ya harusi, ukiondoa suala la michango, hakuna linaloleta maneno kama rangi ya sare. Kitambaa kikishakatwa dukani hakirudishwi, na anayelipa ni kila mtu kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana kura ya sare inastahili kuhesabiwa kwa makini kuliko inavyofanyika mara nyingi, ambapo mtu anapiga picha ya skrini, anaitupa grupuni na kuandika "kijani imeshinda."

Tuchukue mfano wa kamati ya Dar es Salaam yenye namba 34 kwenye grupu la WhatsApp. Jumatatu katibu anatuma kura: "Chagua rangi moja ya sare: kijani, zambarau au dhahabu. Mwisho Jumatano saa 3 usiku, saa za Dar." Amefanya vizuri kutaja saa za wapi, kwa sababu shangazi mmoja yuko Maskati, na Maskati iko mbele kwa saa moja. Jumatano saa 3 usiku anapiga picha ya skrini. Kijani ina 14, zambarau 12, dhahabu 7.

Ukijumlisha unapata 33, na ungedhani karibu grupu zima limepiga kura. Katibu anagusa `View votes`, anaandika majina kwenye daftari, jina moja mstari mmoja, na kukuta majina ni 26 tu. Tiki saba za ziada zimetoka kwa watu saba waliochagua rangi mbili. Kura zilipoingia WhatsApp mwishoni mwa 2022, mtu aliweza kuchagua majibu mengi apendavyo. Uwezo wa kumfunga mpiga kura kwenye jibu moja ulikuja mwaka 2023, na mpaka uzime mwenyewe `Allow multiple answers` unapotengeneza kura, majibu mengi yanaruhusiwa. Katibu wetu hakuzima. Angeligundua hilo Jumatatu kabla watu hawajaanza kupiga, angefuta na kutuma upya, yangeisha.

Majibu mengi si kosa kila mara. Ukiuliza "Jumamosi zipi unaweza kuja kikaoni," unataka mtu aweke tiki kila siku inayomfaa, na unahesabu kila siku ilivyopata watu. Lakini hapa swali lilisema rangi moja. Kuacha tiki zote ni kuwapa watu saba kura mbili mbili wakati wenzao wana moja. Kuzifuta zote ni kuwanyima kura kabisa. Katibu anawaandikia wote saba faraghani, maneno yaleyale kwa kila mmoja: "Habari za jioni. Umechagua rangi mbili na kura ni moja. Naomba unijibu hadi kesho saa 6 mchana unabaki na ipi. Usipojibu, kura yako haitahesabiwa." Njia hii ina udhaifu wake, kwa sababu watu hao wanaona hesabu inavyokwenda na wanaweza kujibu kwa kuangalia nani anaongoza. Ila ni haki kuliko katibu kuwachagulia.

Wote wanajibu. Wanne walikuwa na kijani na dhahabu. Watatu wanabaki na dhahabu, mmoja kijani. Wawili walikuwa na kijani na zambarau. Wanagawana, mmoja huku mmoja kule. Wa mwisho, mwenye zambarau na dhahabu, anabaki na zambarau. Kijani inashuka hadi 10, zambarau 11, dhahabu 5. Mshindi amebadilika, na hakuna aliyechakachua kitu.

Kwenye daftari bado kuna mambo mawili. Shangazi wa Maskati ana laini mbili grupuni, ya Tanzania na ya Omani, na zote zimepiga zambarau. Simu inaona namba, haioni mtu, kwa hiyo katibu anafuta moja na zambarau inabaki 10. Kisha kuna mjomba aliyetuma ujumbe wa sauti Jumanne akisema yeye ni zambarau, bila kugusa kura yenyewe. Alisema kabla ya muda, alitaja rangi moja, na jina lake halimo kwenye orodha, hivyo anahesabiwa: zambarau 11. Aliyeandika "yoyote sawa kwangu" hajachagua kitu. Na aliyeandika "kijani jamani" saa 4 usiku amechelewa.

Sasa tuje kwa waliobadili mawazo. WhatsApp inamruhusu mtu kubadilisha jibu, na inachohifadhi ni jibu la mwisho tu. La zamani linapotea, na saa inayoonekana kando ya jina ni ya jibu jipya. Anayebadilisha kabla ya muda kwisha ametumia haki yake na hana wa kumwuliza. Ndiyo maana picha aliyopiga mwanakamati mmoja Jumanne mchana, ikionyesha kijani 16, haipingani na ya Jumatano yenye 14. Zote ni za kweli, kila moja kwa saa yake, na iliyokubaliwa ni ya Jumatano saa 3.

Tatizo ni Alhamisi asubuhi. Dada mmoja aliyekuwa zambarau sasa anaonekana kijani, na kando ya jina lake pameandikwa 07:20. Kura yake ikifuatwa ilivyo sasa, zambarau inakuwa 10 na kijani 11, na sare inageuka. Picha ya jumla ya Jumatano haiwezi kuthibitisha alikuwa wapi, kwa kuwa inaonyesha tarakimu bila majina yote. Kinachomwokoa katibu ni kwamba usiku ule alifungua pia `View votes`, akafungua orodha nzima ya kila rangi, na kuipiga picha kipande kwa kipande, jina la mwisho la picha moja likiwa la kwanza kwenye inayofuata, ili asirukwe mtu wala asirudiwe. Dada yumo chini ya zambarau, basi anabaki zambarau. Angekuwa hana picha hizo, ningemshauri arudie kura kati ya rangi mbili za juu kuliko kubishana kwa kumbukumbu.

Tangazo lisiwe picha tupu. Liandikwe hivi:

"Ndugu wanakamati, matokeo ya kura ya sare iliyofungwa Jumatano saa 3 usiku: zambarau 11, kijani 10, dhahabu 5. Waliopiga ni watu 26 kati ya 33. Waliochagua rangi mbili waliulizwa na wakabaki na moja. Mtu mwenye laini mbili amehesabiwa mara moja. Kura moja ya ujumbe wa sauti iliyokuja kabla ya muda imeingizwa. Kura moja iliyotumwa na moja iliyobadilishwa baada ya muda hazikuhesabiwa. Kama tarakimu mnazoona kwenye kura sasa ni tofauti, sababu ni hizo. Mwenye swali kuhusu kura yake aniandikie kabla ya kesho saa 12 jioni. Baada ya hapo tunalipia kitambaa."

Majina hayatajwi, hata la dada aliyebadilisha, ingawa kura za WhatsApp si za siri na yeyote anaweza kuyatazama. Tofauti ya kura moja nayo haifichwi. Wenye kijani wataiona wenyewe, na ni afadhali waisome kwanza kwa katibu. Kati ya watu 33, kumi na mmoja si nusu, lakini kamati haikuweka sharti la nusu ilipoanza, na kuliweka sasa, baada ya matokeo kujulikana, ni kumpendelea aliyeshindwa. Daftari na picha zikae kwa katibu hadi kitambaa kigawiwe.