Kampuni Inaponunua Hisa Zake Yenyewe

Kampuni ikifunga hesabu za mwaka na kubakiwa na fedha, ina njia mbili kuu za kuwarudishia wenye mali. Inaweza kuwalipa wanahisa wote gawio, kiasi fulani kwa kila hisa, au inaweza kununua hisa zake kutoka kwa walio tayari kuuza. Mwaka 1961 Merton Miller na Franco Modigliani walionyesha kwamba kama hakuna kodi, hakuna gharama za soko, na kila mtu anajua kila kitu, namna ya kugawa fedha haibadilishi thamani ya kampuni. Lakini si kila mtu anajua kila kitu. Wakurugenzi wanaijua kampuni yao kuliko mwanahisa wa kawaida, na kila wanapotoa fedha, soko hujaribu kubahatisha wanachokijua. Hapo ndipo fedha inapogeuka kuwa ishara.

Mfano mzuri uko Nairobi. Mwaka 2021 Nation Media Group ilikuwa kampuni ya kwanza katika soko la hisa la Nairobi kununua hisa zake yenyewe, jambo lililoruhusiwa na Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015. Ilikuwa na hisa zipatazo milioni 207.4, ikatangaza kwamba itanunua hadi asilimia 10 ya hizo kwa Sh 25 kila moja. Bei hiyo ilikuwa juu ya bei ya sokoni kabla ya tangazo. Dirisha la kuuza lilipofungwa Septemba, kampuni ilikuwa imepata hisa kama milioni 17.1, kwa gharama inayokaribia Sh milioni 428.

Fuatilia kilichotokea kwa waliobaki. Hisa zilipungua hadi milioni 190.3. Faida ileile ikigawanywa kwa hisa chache, fungu la kila hisa linakua kwa karibu asilimia 9. Anayesoma haraka atasema kampuni imeimarika. Ukweli ni kwamba haijauza hata gazeti moja zaidi, na Sh milioni 428 zimetoka kwenye akaunti yake.

Basi nani amefaidika? Yote yanategemea thamani halisi ya hisa. Kama ilikuwa zaidi ya Sh 25, waliobaki wamenunua kwa bei rahisi na waliouza wamepunjwa. Kama ilikuwa chini ya hapo, waliobaki ndio waliowalipa wanaoondoka. Kwa kutoa Sh 25, bodi ilikuwa inaliambia soko kwamba hisa imeshushwa mno.

Miaka iliyofuata haikuiunga mkono kauli hiyo. Mwaka 2023 kampuni ilirudi na ofa ya pili, safari hii kwa Sh 20. Mwenye hisa 1,000 aliyeuza mwanzoni alipokea Sh 25,000. Aliyengoja ofa ya pili angepata Sh 20,000, ukiacha gawio la kati hapo. Kisha hesabu za 2023 na za 2024 zikaonyesha hasara. Si lazima bodi iwe ilidanganya. Kuamini kwamba hisa yako ina thamani zaidi ni jambo moja, na biashara ya habari kuyumba ni jingine.

Gawio hubeba ishara ya aina tofauti. Utafiti wa John Lintner wa mwaka 1956 ulionyesha kwamba mameneja huogopa sana kulipunguza, kwa hiyo hulipandisha pale tu wanapoamini wataweza kuliendeleza. Safaricom ilishusha gawio lake kutoka Sh 1.39 kwa mwaka wa fedha wa 2022 hadi Sh 1.20 mwaka uliofuata, wakati inamwaga fedha Ethiopia. Kisha ikalishikilia Sh 1.20 mwaka 2024 na 2025. Kupandisha gawio ni kujifunga, na asiye na mapato ya kudumu ataumbuka mwaka wa pili. Ofa ya kununua hisa hutolewa mara moja tu, na mwaka ujao hakuna atakayeidai.

Kwa sababu hiyo, ununuzi wa hisa unahitaji ushahidi wa ziada kabla ya kuuamini. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha uone kama fedha hizo zimetokana na shughuli za kampuni au zimekopwa. Kisha angalia wakurugenzi na wanahisa wakubwa wanafanya nini na hisa zao: wakiuza kwenye ofa hiyohiyo, wanakuambia kwamba bei ni nzuri kwa muuzaji. Wasipouza, sehemu yao ya umiliki inakua bila wao kutoa shilingi, na huenda hilo ndilo wanalolitaka. Mwisho, linganisha faida yote ya kampuni, si faida ya kila hisa peke yake, kwa miaka mitatu au minne. Kama fungu la kila hisa linapanda huku faida yote imesimama palepale, kilichobadilika ni idadi ya hisa tu.