Fomu fupi ya maoni ya wateja: maswali yasiyomwekea mteja jibu mdomoni

Swali la fomu ya maoni huelekeza pale maneno yake yanapofanya jibu moja liwe rahisi kutoa kuliko mengine. Mteja aliyeudhika hulazimika kulipinga swali lenyewe kabla ya kusema lake, na wengi huona heri kuweka alama ya “nzuri” na kwenda zao. Fomu hurudi imejaa sifa, na mwenye biashara haambulii kitu.

Chukua mfano wa ofisi inayosafirisha vifurushi kwa basi kati ya Arusha na Dar es Salaam. Rasimu ya fomu yake inauliza: “Je, ulifurahia huduma yetu ya haraka na ukarimu wa wahudumu wetu?” Swali hili lina kasoro tatu. Kwanza, limekwisha kuamua kwamba huduma ni ya haraka na wahudumu ni wakarimu. Pili, limetaja upande wa furaha tu. Tatu, limefunga mambo mawili pamoja: aliyehudumiwa kwa lugha nzuri lakini kifurushi kikachelewa siku mbili hana jibu moja la kutoa.

Dawa yake ni kuligawa, kuondoa sifa, na kuuliza kuhusu jambo lenyewe. Kuhusu muda: “Kifurushi chako kilifika lini, ukilinganisha na muda ulioambiwa?” Majibu: kabla ya muda, kwa wakati, kilichelewa kidogo, kilichelewa sana. Kuhusu wahudumu: “Mhudumu wa dirishani alizungumza nawe vipi?” Majibu: vibaya sana, vibaya, kawaida, vizuri, vizuri sana.

Wapo wanaopenda kuandika kauli, kama “Wahudumu walinisikiliza,” kisha mteja achague kati ya “nakubali kabisa” na “sikubali kabisa”. Mtindo huu ulienea kutokana na kazi ya Mmarekani Rensis Likert, aliyeutangaza mwaka 1932. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya watu huelekea kukubali kauli yoyote wanayosomewa, hasa kwa adabu, au mwenye fomu akiwa amesimama mbele yao. Kwa fomu fupi, kuuliza moja kwa moja na kutoa majibu yanayolingana na swali ni salama zaidi.

Mizani ya majibu nayo inaweza kupendelea. Orodha ya “bora kabisa, nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya” ina ngazi tatu za sifa na moja tu ya lawama. Mizani ya haki ina idadi sawa pande zote mbili na wastani katikati. Ngazi tano zinatosha, na kila moja iandikwe kwa maneno. Tarakimu peke yake hupotosha: anayekumbuka nafasi za darasani huhesabu 1 kuwa ndiyo ya juu, na aliyezoea nyota huona 5 ndiyo ya juu. Nje ya mizani pawe na kisanduku cha “halinihusu”, ili ambaye hakuzungumza na mhudumu asilazimike kuweka alama ya wastani.

Mpangilio pia huelekeza. Swali la jumla, “Kwa ujumla, huduma uliyopata ilikuwaje?”, litangulie. Likiwekwa baada ya maswali mawili ya ucheleweshaji, mteja hulijibu akiwa na ucheleweshaji kichwani. Yafuate maswali mawili au matatu ya jambo mojamoja, kisha nafasi wazi: “Eleza lolote, liwe zuri au baya, kuhusu safari ya kifurushi chako.”

Kabla ya kuchapa nakala nyingi, fomu ijaribiwe kwa wateja watano au sita. Kila mmoja aombwe kueleza kwa maneno yake swali linauliza nini. Wawili wakilielewa tofauti, swali liandikwe upya. Baada ya fomu kuanza kutumika, dalili ya swali lenye kasoro ni alama za juu zinazoambatana na malalamiko kwenye nafasi wazi. Mteja akichagua “nzuri sana” kisha akaandika kwamba sanduku lilifika limepasuka, pengine hakuna swali lililomuuliza kuhusu hali ya mzigo.

Matokeo yasomwe kwa idadi ya waliochagua kila ngazi. Katika fomu 40, wateja 20 wakichagua ngazi ya juu kabisa na 20 ya chini kabisa, wastani ni 3, kana kwamba wote waliona huduma ya kawaida, ilhali hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Hata fomu iliyoandikwa vizuri huleta maoni ya waliokubali kuijaza tu, na huonyesha palipo na tatizo bila kutaja chanzo chake. Chanzo hutafutwa kwa kuzungumza na wateja na kukagua daftari la mizigo.