Nyota katika hesabu za duka

Kwenye Excel, safuwima A ina bidhaa na B ina mauzo: Mchele Kyela 40,000, Mchele Mbeya 60,000, Unga wa mchele 15,000. Unataka mauzo ya mchele peke yake.

```
=SUMIF(A2:A4,"mchele*",B2:B4)
```

Jibu ni 100,000, kwani nyota husimama badala ya herufi zozote zinazofuata. Ukiandika `"*mchele"` utapata 15,000 ya unga, jina linaloishia na neno hilo. `"*mchele*"` hukusanya yote, 115,000. COUNTIF hufuata alama hizohizo, ila huhesabu mistari.

Kinachoponza wengi ni nafasi tupu iliyoandikwa kabla ya “Mchele Mbeya”. Jumla ya kwanza hushuka hadi 40,000 bila onyo lolote. Safisha majina kwa `TRIM` kwanza.