Maji Yasiyokuwepo Ukingoni mwa Picha

Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupima nchi kavu kwa bendi 13, ila bendi hizo hazina pikseli za ukubwa mmoja. Ya kijani ina pikseli za mita 10. B11, ambayo maji huonekana meusi ndani yake, ina za mita 20. Anayetaka kutenganisha ziwa na ardhi kwa kulinganisha bendi hizi mbili hana budi kuipanua B11, pikseli 5,490 kila upande ziwe 10,980. Kila pikseli inazaa nne, na kila moja inahitaji thamani ambayo setilaiti haikuipima.

Mbinu ya bilinia huikadiria kutoka kwa pikseli nne za karibu. Ile inayoibeba pikseli mpya huchangia 9/16, ya ubavuni 3/16, ya juu au chini yake 3/16, na ya kimshazari 1/16. Zikiwa 2,000, 1,600, 1,200 na 400, jibu ni 1,675. Haliwezi kuizidi kubwa wala kushuka chini ya ndogo. Ni mbinu salama, ila ufuko hufifia.

Bikubiki hutazama pikseli 16, na baadhi ya zile za nje huhesabiwa kwa uzani hasi. Huo ndio unaorudisha ukali wa ufuko, na ndio unaoleta hatari. Tuseme kwenye mstari mmoja kuna maji 200, 200, 200, kisha udongo mkavu 4,000. Katika toleo linalotumika sana, pikseli mpya iliyo ndani kidogo ya maji hupokea udongo kwa uzani wa -0.0703, na thamani yake inakuwa -67. Faili la namba zisizo na hasi, la biti 16, laweza kuiandika 65,469. Ukiona vitone vyeupe vikiufuata ufuko majini, sababu ni hiyo: namba hazikubanwa zisishuke chini ya sifuri kabla ya kuhifadhiwa.

Ukingoni tatizo ni jingine. Mahali pa pikseli mpya hupatikana hivi:

```
src = (dst + 0.5) / 2 - 0.5
```

Ya kwanza kabisa inaangukia -0.25, nje ya picha. Programu ikidhani huko nje ni sifuri, ardhi ya 2,000 inakuwa 1,500, na kwenye pembe 1,125. Kijani ya hapo ikiwa 1,600, ramani itachora maji membamba kuzunguka picha nzima. Dawa ni kuirudia thamani ya pikseli ya ukingoni.

Lakini mara nyingi setilaiti huishia katikati ya kipande cha picha, na sehemu isiyopimwa hujazwa sifuri. Sifuri hizo zimo ndani ya gridi, kwa hiyo kurudia ukingo hakusaidii. Kwa bilinia, ziache nje, kisha gawanya jumla kwa uzani uliobaki: pikseli mbili zikikosekana ubavuni, unagawanya kwa 12/16, na 2,000 inabaki 2,000.

Kabla ya kuiamini programu, ipe picha yenye 2,000 kila mahali. Ikitoka namba nyingine ukingoni, ramani ya ziwa isianze kuchorwa.